Mchoro Kabla ya Fomula: Kuchagua Muda wa Kuwa Hewani au Masafa Mlalo katika Maswali ya Mwendo wa Kurushwa, kwa Mifano ya Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kukabili maswali ya fizikia yahusuyo kitu kilichorushwa hewani, ambapo mwanafunzi hupewa kasi na pembe ya kurushia, kisha hutakiwa atafute muda wa kuwa hewani au masafa mlalo. Hoja kuu ni kwamba uamuzi wa kutumia fomula ipi hautokani na neno lililoulizwa mwishoni mwa swali. Unatokana na mahali pa kutua: je, ni katika kiwango kile kile cha kurushia au la? Jambo hilo huonekana katika mchoro kabla ya kuonekana katika hesabu. Makala yanachukua mrusho mmoja na kuufanyia hesabu mara mbili, kwanza katika uwanja tambarare mjini Jinja, kisha katika ukingo wa genge kwenye miteremko iliyo juu ya Mbale. Mwishoni yanatoa mapendekezo kuhusu istilahi za Kiswahili na utungaji wa maswali.

1.0 Utangulizi

Mwendo wa kitu kilichorushwa hufundishwa nchini Uganda katika kidato cha tano na cha sita, ndani ya somo la fizikia na pia katika sehemu ya mekanika ya somo la hisabati. Mafunzo hayo hutolewa kwa Kiingereza. Hata hivyo, nafasi ya Kiswahili imebadilika. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo swali la namna ya kueleza sayansi kwa Kiswahili limekwisha kuwafikia walimu na watungaji wa vitabu wa Jinja na Mbale, ambako lugha za nyumbani za wanafunzi wengi ni Lusoga na Lumasaaba.

Tumechagua mada hii kwa sababu inaonyesha waziwazi jinsi maneno ya swali yanavyoweza kumwongoza mwanafunzi au kumpoteza. Katika vitabu vingi mwanafunzi hukutana na fomula mbili zilizowekwa ndani ya visanduku, moja ya muda wa kuwa hewani na nyingine ya masafa mlalo. Huzikariri zote mbili. Akiona neno "muda" katika swali, huchukua ya kwanza. Akiona neno "umbali", huchukua ya pili. Njia hiyo humpa jibu sahihi mara nyingi, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana haimwambii ni lini itakoma kumpa jibu sahihi.

2.0 Istilahi Zitakazotumika

Kabla ya hesabu ni lazima tukubaliane juu ya maneno manne. *Kirushwa* ni kitu chochote kilichokwisha kuachwa na mkono, mguu au chombo kilichokirusha, na ambacho sasa kinavutwa na dunia peke yake. Umbo la kutendwa la neno hilo linafaa, kwa kuwa linakumbusha kwamba tendo la kurusha limekwisha. Wanafunzi wengi hudhani kuwa ipo nguvu ya mkono inayosafiri pamoja na jiwe na kulisukuma mbele. Haipo. Jiwe likishaachwa, linaendelea mbele kwa sababu hakuna kinachobadilisha mwendo wake wa mlalo.

*Muda wa kuwa hewani* ni muda kuanzia kirushwa kinapoachwa hadi kinapotua. *Masafa mlalo* ni umbali uliopimwa kwa mlalo kutoka mahali pa kurushia hadi mahali pa kutua. Tunaongeza neno "mlalo" kwa makusudi. Neno "masafa" likiachwa peke yake lina kazi nyingi: msikilizaji wa redio hulifahamu katika "masafa mafupi" na "masafa ya FM", na msafiri hulitumia kwa njia nzima aliyoipita. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba anaulizwa urefu wa tao lote ambalo mpira ulilifuata angani, jambo ambalo ni hesabu nyingine na ngumu zaidi. Neno la nne ni *kimo*, ambalo tunalitumia kwa kipimo cha wima pekee, ili neno "urefu" lisibebeshwe mizigo miwili.

Alama za hesabu tunaziacha kama zilivyo katika vitabu: `u` kwa kasi ya kurushia, `θ` kwa pembe ya kurushia kutoka mstari wa mlalo, `g` kwa mchapuko wa uvutano, `T` kwa muda wa kuwa hewani katika ardhi tambarare, na `R` kwa masafa mlalo katika ardhi hiyo hiyo.

3.0 Jinja: Ardhi Tambarare

Tuchukue uwanja tambarare wa michezo mjini Jinja. Mpira umewekwa chini na kupigwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kwa pembe ya nyuzi 30. Tunaulizwa utakaa hewani kwa muda gani na utatua umbali gani. Kabla ya kuandika namba yoyote tunachora.

*Mchoro wa 1: Kurusha na kutua katika kiwango kimoja*

```
 y
 |            . C .
 |        .           .
 |     .                 .
 |   .                     .
 | .  30°                    .
 A----------------------------B---- x
 |<------------ R ----------->|
```

Mchoro huu una mambo matatu tu yanayohitajika. Pointi A ni mahali pa kurushia, C ni kilele, na B ni mahali pa kutua. A na B zimo katika mstari mmoja wa mlalo. Hilo ndilo tamko kubwa la mchoro, na ndilo mwanafunzi hana budi kulisoma kwa sauti: *mpira umerudi katika kimo kile kile ulikoanzia*.

Hatua inayofuata ni kuigawa kasi katika vijenzi viwili. Kijenzi cha wima ni `u sin θ`, yaani 20 × 0.5, ambacho ni mita 10 kwa sekunde. Kijenzi cha mlalo ni `u cos θ`, yaani 20 × 0.866, ambacho ni mita 17.32 kwa sekunde. Wazo la kuutazama mwendo huu kama miendo miwili isiyoingiliana lilielezwa na Galileo katika kitabu alichochapisha mwaka 1638, alimoonyesha pia kuwa njia ya kirushwa ni parabola. Mwendo wa wima hupunguzwa na uvutano, husimama kwenye kilele, kisha huongezeka kuelekea chini. Mwendo wa mlalo haubadiliki hata kidogo.

Kutokana na mgawanyo huo tunapata kauli inayobeba makala yote: *wima huamua muda, na mlalo huutumia muda huo*. Mpira hautui kwa sababu umechoka kwenda mbele. Unatua kwa sababu safari yake ya juu na chini imekwisha. Muda wa kuwa hewani ni mali ya wima. Masafa mlalo ni kile ambacho mlalo umeweza kukifanya kabla ya wima kumaliza kazi yake.

Kwa kuwa A na B zina kimo kimoja, kimo cha mpira kutoka A wakati wa kutua ni sifuri. Tunaandika `0 = 10t − 4.9t²`, tukitumia `g` ya mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Mlinganyo huu una majibu mawili. La kwanza, `t = 0`, ni wakati wa kupigwa mpira. La pili ni `t = 10/4.9`, yaani sekunde 2.04, ambalo ndilo muda wa kuwa hewani. Mlalo huutumia muda huo kwa kwenda 17.32 × 2.04, sawa na mita 35.3.

Fomula mbili za kwenye visanduku ni muhtasari wa hatua hizo hizo:

```
T = 2u sin θ / g
R = u² sin 2θ / g
```

Zote mbili zimezaliwa na ile sifuri tuliyoiandika upande wa kushoto wa mlinganyo. Sifuri hiyo haimo katika namba za swali, wala haimo katika fomula zenyewe baada ya kufupishwa. Imo katika mchoro tu. Mwalimu anayempa mwanafunzi fomula bila mchoro amempa matokeo ya sharti na kumficha sharti lenyewe.

Katika ardhi tambarare ipo hali moja ambapo ni lazima kuchagua kati ya muda na masafa kwa uangalifu. Tuseme swali linatoa kasi ya mita 20 kwa sekunde na masafa mlalo ya mita 35.35, kisha linauliza pembe. Fomula ya masafa inatoa `sin 2θ = 0.866`, na pembe zinazokubali ni mbili: nyuzi 30 na nyuzi 60. Mipira yote miwili itatua mahali pamoja. Masafa hayawezi kuitofautisha. Muda ndio unaoweza, kwa sababu mpira wa nyuzi 30 hukaa hewani sekunde 2.04 na ule wa nyuzi 60 hukaa sekunde 3.53. Mwanafunzi aliyechora matao mawili, moja fupi na moja refu, yakikutana katika B, huona mara moja kwamba swali linahitaji taarifa moja zaidi.

Kinyume chake, mtu aliyepima muda na masafa uwanjani kwa saa ya kuhesabia sekunde na utepe wa kupimia hahitaji kuambiwa kasi ili aipate pembe. Akigawanya mraba wa fomula ya muda kwa fomula ya masafa, `u` hutoweka na kubaki `tan θ = gT²/2R`. Kwa vipimo vyetu vya sekunde 2.04 na mita 35.35, jibu ni 0.577, yaani nyuzi 30. Hapa muda na masafa hutumika pamoja, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuachwa.

4.0 Mbale: Ardhi yenye Vimo Tofauti

Sasa tuuchukue mrusho ule ule na kuupeleka kwenye mandhari ya pili. Mji wa Mbale umekaa chini ya safu ya Wanale, ambayo ni sehemu ya mlima Elgon, na magenge yake huonekana kutoka mjini. Kwa wakazi wa miteremko hiyo, shamba moja kuwa juu na jingine kuwa chini ni jambo la kila siku. Tuseme mpira umepigwa kutoka ukingo wa genge lenye kimo cha mita 20 juu ya ardhi iliyo chini yake, tena kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde na kwa pembe ya nyuzi 30. Thamani za kurushia ni zile zile neno kwa neno. Mchoro ndio uliobadilika.

*Mchoro wa 2: Kutua chini ya kiwango cha kurushia*

```
 y
 |         . C .
 |      .         .
 |   .               .
 A - - - - - - - - - - D - - - -
 |                       .
 | h = 20 m                .
 |                           .
 O----------------------------B---- x
 |<------------ x ----------->|
```

Mstari wa nukta kutoka A hadi D ni kiwango cha kurushia. Sehemu ya njia iliyo juu ya mstari huo ni sawasawa na mpira wa Jinja: unafika D baada ya sekunde 2.04, ukiwa umekwenda mita 35.35 kwa mlalo. Lakini ardhi haipo hapo. Mpira unaendelea kushuka hadi B. Mwanafunzi anayetumia fomula ya kisanduku hapa hakukosea hesabu. Amehesabu kwa usahihi mahali ambapo mpira unapita angani, akadhani kuwa ni mahali unapotua.

Hesabu sahihi inaanza na wima, kama kawaida. Tukichukulia juu kuwa chanya na A kuwa chanzo cha vipimo, kimo cha B ni hasi 20. Tunaandika `−20 = 10t − 4.9t²`, ambayo ikipangwa upya inakuwa `4.9t² − 10t − 20 = 0`. Huu ni mlinganyo wa kipeo cha pili, na majibu yake ni sekunde 3.28 na sekunde hasi 1.24. Tunachukua jibu chanya. Mlalo unautumia muda huo: 17.32 × 3.284 ni mita 56.9.

Tofauti kati ya mita 35.3 na mita 56.9 ni zaidi ya mita 21. Haitokani na kukadiria vibaya wala na kikokotoo. Inatokana na kuchagua fomula kwa kusoma maneno badala ya kusoma mchoro.

Jibu hasi nalo linastahili maelezo, kwa kuwa walimu wengi hulifuta kwa mstari bila kusema lina maana gani. Likitazamwa katika mchoro, linaeleweka. Parabola haijui kwamba ilianza katika A. Ukiirefusha kwenda nyuma, upande wa kushoto wa A, nayo itashuka hadi kufikia kiwango cha ardhi ya chini. Sekunde hasi 1.24 ni wakati ambao mpira ungepita kiwango hicho kama ungekuwa umerushwa kutoka chini na kupita A kwa kasi ile ile. Tunaliacha jibu hilo kwa sababu historia hiyo haikutokea.

Tukitumia pembe ya nyuzi 60 katika genge hilo hilo, kijenzi cha wima kinakuwa mita 17.32 kwa sekunde na kile cha mlalo mita 10. Muda unakuwa sekunde 4.45, na masafa mlalo ni mita 44.5 tu. Katika uwanja wa Jinja nyuzi 30 na nyuzi 60 zilitua pamoja; hapa zimeachana kwa zaidi ya mita 12. Ile kanuni maarufu kwamba pembe mbili zinazojumlishwa kuwa nyuzi 90 hutoa masafa sawa ni kanuni ya ardhi tambarare pekee. Ndivyo ilivyo pia kwa kauli kwamba nyuzi 45 hutoa masafa makubwa kuliko pembe zote. Mtupa tufe huliachia tufe karibu na bega lake, na tufe hutua chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo pembe yake bora iko chini ya nyuzi 45 hata kama uwanja wenyewe ni tambarare kabisa.

5.0 Namna ya Kulitambua Kosa

Uzuri wa somo hili ni kwamba makosa yake makuu hujitangaza, mradi mwanafunzi amefundishwa kuyasikiliza. Tunataja manne.

La kwanza ni kutumia fomula ya ardhi tambarare penye genge. Kipimo chake ni kuuliza: je, kama mpira ungerushwa kwa mlalo kabisa, yaani `θ = 0`, fomula ingesema nini? Ingesema `T = 0` na `R = 0`, kana kwamba mpira uliosukumwa kutoka ukingoni umetua papo hapo juu ya ukingo. Kila mtoto wa miteremko ya Elgon anajua kwamba sivyo. Fomula inayotoa upuuzi huo katika hali rahisi haiwezi kuaminiwa katika hali ngumu ya mchoro ule ule.

La pili ni kukosea alama ya kimo. Mwanafunzi huandika `20 = 10t − 4.9t²`, akisahau kuwa ardhi iko chini ya A. Mlinganyo huo hauna jibu, kwa kuwa chini ya kipeuo cha pili panabaki namba hasi, 100 kutoa 392. Wengi hukata tamaa na kulaumu swali. Lakini mlinganyo umesema kweli: umeulizwa ni lini mpira utafika mita 20 *juu* ya ukingo, na umejibu kwamba hautafika kamwe, kwa sababu kilele chake kiko mita 5.1 tu juu ya A.

Kosa hilo hilo huwa la hatari zaidi genge likiwa fupi. Likiwa la mita 4, alama iliyokosewa hutoa majibu mawili chanya, sekunde 0.55 na sekunde 1.49, na hakuna linaloonekana la ajabu. Hapo mchoro ndio shahidi pekee. Mpira unaotua chini ya A ni lazima upite D kwanza, na kufika D kunachukua sekunde 2.04. Kwa hiyo jibu lolote lililo dogo kuliko sekunde 2.04 haliwezi kuwa muda wa kutua chini. Jibu sahihi kwa genge hilo ni sekunde 2.38.

La tatu ni kuchanganya kasi nzima na vijenzi vyake. Mwanafunzi huzidisha muda kwa 20 badala ya 17.32, au huweka 20 katika mlinganyo wa wima. Kinga yake ni kuandika vijenzi viwili juu ya mishale ndani ya mchoro, kisha kutoitumia tena kasi nzima.

La nne ni la kikokotoo. Kikiwa kimewekwa katika radiani badala ya nyuzi, `sin 30` hutoka hasi 0.988. Mpira uliochorwa ukipanda hauwezi kuwa na kijenzi cha wima kilicho hasi. Kwa hiyo mchoro unalikamata kosa hili pia, kabla halijaingia katika mlinganyo.

6.0 Mipaka ya Hesabu Hizi

Watunga sera wanapopokea mifano ya aina hii kwa ajili ya vitabu ni haki yao kuuliza inakaribia uhalisia kiasi gani. Kuna mipaka miwili, na ukubwa wake haulingani.

Mpaka wa kwanza ni thamani ya `g`. Maswali ya fizikia nchini hutumia 9.81, na ya hisabati hutumia 9.8. Jinja na Mbale ziko karibu na mstari wa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako thamani halisi ni takriban 9.78. Katika mfano wa Jinja, kutumia 9.81 hutoa masafa ya mita 35.31, na kutumia 9.78 hutoa mita 35.42. Tofauti ni sentimita 11, ambayo ni ndogo kuliko upana wa mpira wenyewe. Mjadala juu ya thamani ipi itumike si wa maana kubwa, ila swali ni lazima litaje moja.

Mpaka wa pili, ukinzani wa hewa, ni mzito zaidi. Mpira wa miguu ni mwepesi na mpana, na ukienda mita 20 kwa sekunde hewa huusukuma nyuma kwa kani isiyopuuzika ikilinganishwa na uzito wake. Mpira halisi utatua karibu zaidi kuliko hesabu inavyosema, na tao lake litakuwa na mteremko mkali upande wa kushuka. Tufe la chuma au jiwe zito hufuata hesabu kwa ukaribu zaidi. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuthibitisha hesabu uwanjani atumie kitu kizito kinachorushwa polepole, asitumie mpira. Na swali la mtihani liseme wazi kwamba ukinzani wa hewa umepuuzwa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Mrusho mmoja, wenye kasi na pembe zisizobadilika, umetupa majibu mawili yaliyotofautiana kwa zaidi ya mita 21. Kilichobadilika ni ardhi ya kutulia, na ardhi hiyo haimo katika thamani za kurushia. Imo katika mchoro. Kutokana na hilo tunapendekeza mambo matatu kwa watayarishaji wa mitaala, watungaji wa mitihani na waandishi wa vitabu vya Kiswahili vya sayansi.

Kwanza, kila swali litaje kiwango cha kutua kwa maneno yasiyo na utata. Kauli "mpira ulirushwa ukatua umbali wa mita kadhaa" inaficha sharti. Kauli "mpira ulitua katika kiwango kile kile ulikorushwa" au "ulitua mita 20 chini ya mahali pa kurushia" inalifichua.

Pili, mchoro utengewe alama zake katika usahihishaji, na alama hizo zitolewe kwa mambo matatu yanayoweza kukaguliwa: kiwango cha kurushia na cha kutua vimeonyeshwa, vijenzi viwili vya kasi vimeandikwa, na mwelekeo chanya umetajwa. Mchoro mzuri wa rangi usio na mambo hayo usipate kitu.

Tatu, istilahi zisanifiwe kwa kufuata tofauti ambazo hesabu yenyewe inazihitaji. "Masafa mlalo" yatengwe na "masafa" ya redio, "kimo" kitengwe na "urefu", na "muda wa kuwa hewani" utumike kwa ukamilifu wake badala ya "muda" peke yake. Fomula za `T` na `R` ziwekwe katika vitabu chini ya kichwa kinachosema waziwazi kuwa ni za ardhi tambarare. Mwanafunzi wa Mbale akikisoma kichwa hicho atajua kwamba fomula hizo hazikuandikwa kwa ajili ya genge lililo mbele yake, na atarudi kwenye mlinganyo wa wima zilikotoka.